Kisima Kipya, Pengo Jipya: Kuchora Mahitaji ya Maji ya Dodoma

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 katika eneo hilohilo, ambalo sasa linaitwa Jiji. Hilo ni ongezeko la zaidi kidogo ya asilimia 6 kila mwaka, na mji unaokua kwa mwendo huo huwa maradufu kila baada ya miaka kumi na moja hivi. Mtu yeyote aliyeishi Dodoma katika kipindi hicho anajua maana yake bila kusoma takwimu: ratiba ya mgawo imebandikwa ukutani, simtank imekaa juu ya kichanja nyuma ya nyumba, na ndoo hazikosi maji hata siku ambayo bomba linatoka.

Ukiuliza kwa nini maji hayatoshi, jibu la haraka ni kwamba watu wameongezeka. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni mshale mmoja tu: watu wengi, mahitaji makubwa. Halisemi kinachofuata. Mahitaji yakishakuwa makubwa, mamlaka ya maji hufanya nini? Kile inachofanya kinawagusa vipi watu walewale walioongeza mahitaji? Na wao wakishaguswa, mahitaji yanakwenda wapi? Ukifuata maswali haya kwa uaminifu, mara nyingi unajikuta umerudi ulikoanzia, na hapo mshale mmoja umekuwa mzunguko.

Wanaosomea mifumo wana njia ya kuchora mambo ya namna hii, nayo ni mchoro wa mizunguko ya sababu na matokeo. Ilikua kutokana na kazi iliyoanzishwa na Jay Forrester katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1956. Hauhitaji kompyuta. Karatasi na penseli vinatosha, alimradi anayechora anajua kutofautisha aina mbili za mizunguko: unaokuza na unaosawazisha. Kazi yote iko katika kuitofautisha, na ndipo wengi wanapokosea. Maji ya Dodoma ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu hadithi moja inayosimuliwa kila siku kuhusu visima vya mji huo inaweza kuchorwa kwa njia mbili zinazotoa majibu yanayopingana.

Tuanze na majina. Kila kitu kinachoandikwa kwenye mchoro lazima kiwe kiasi kinachoweza kupanda na kushuka. "Idadi ya watu" ni jina zuri. "Kuongezeka kwa watu" ni jina baya, kwa sababu limekwishabeba mwelekeo ndani yake, na ukija kuuliza "kuongezeka kwa watu kukipungua" akili inavurugika. Kwa sababu hiyo tutaandika idadi ya watu, mahitaji, uzalishaji na pengo. Mahitaji ni maji ambayo watu wangetumia kwa siku kama yangekuwepo. Uzalishaji ni maji yanayosukumwa kweli kutoka visimani. Pengo ni mahitaji ukitoa uzalishaji. Tofauti kati ya mahitaji na matumizi ni ya lazima kwa mji wenye mgawo. Mita ya nyumba inayopata maji siku mbili kwa wiki haipimi mahitaji ya nyumba hiyo, inapima kilichofika tu. Mchoraji anayechukua ankara na kuziita mahitaji atapata pengo dogo kuliko lililopo, na mchoro wake utamwambia kwamba mambo si mabaya sana.

Baada ya majina inakuja mishale. Mshale unatoka kwenye sababu kwenda kwenye tokeo, na kichwani unawekewa alama. Alama ya jumlisha (+) maana yake viwili hivyo vinakwenda upande mmoja: sababu ikipanda, tokeo linapanda, sababu ikishuka, tokeo linashuka. Alama ya kutoa (−) maana yake vinakwenda pande tofauti. Jumlisha haimaanishi kwamba jambo ni jema, wala kutoa haimaanishi kwamba ni baya. Mshale kutoka idadi ya watu kwenda mahitaji una jumlisha. Kutoka mahitaji kwenda pengo pia ni jumlisha. Kutoka uzalishaji kwenda pengo ni kutoa, kwa kuwa maji yakisukumwa mengi zaidi pengo linapungua.

Kuna neno la tahadhari hapa ambalo George Richardson, mtaalamu wa fani hii, aliliandikia makala nzima mwaka 1986. Mshale wenye jumlisha kati ya uhamiaji wa kila mwaka na idadi ya watu hausemi kwamba wahamiaji wakipungua mji nao utapungua watu. Mwaka ambao wanahamia watu wachache, mji bado unaongezeka, ila kwa mwendo wa polepole. Kwa hiyo kila alama isomwe hivi: tokeo linakuwa kubwa, au dogo, *kuliko ambavyo lingekuwa* kama sababu isingebadilika. Ukiliacha neno hilo la mwisho, utajikuta unabishana na mchoro sahihi.

Sasa tuchore mzunguko wa kwanza. Pengo likikua, mgawo unakuwa mkali, na watu wanakuwa waangalifu. Maji ya kusuuzia nguo yanakwenda chooni, gari linafutwa kwa kitambaa badala ya kuoshwa kwa mpira, maua ya uani yanaachwa yajitafutie. Mahitaji ya mtu mmoja yanashuka, mahitaji ya mji yanashuka, na pengo linapungua kidogo. Kwa mishale ni hivi:

Pengo →(+) uangalifu →(−) mahitaji ya mtu mmoja →(+) mahitaji ya mji →(+) pengo.

Zipo njia mbili za kujua mzunguko huu ni wa aina gani. Ya kwanza ni kuhesabu alama za kutoa. Zikiwa hazigawanyiki kwa mbili, yaani moja, tatu au tano, mzunguko unasawazisha. Zikiwa zinagawanyika kwa mbili, au hakuna hata moja, mzunguko unakuza. Hapa ipo moja, kwa hiyo mzunguko unasawazisha. Njia ya pili ni kuusukuma mzunguko kidogo mahali popote na kuufuata hadi mwisho. Tulianza kwa kusema pengo limekua, tukazunguka, tukafika tukisema pengo limepungua. Msukumo umerudi ukiwa kinyume, na hiyo ndiyo tabia ya kusawazisha: mzunguko unapinga badiliko lililouanzisha, kama boya la simtank linavyofunga maji tangi linapokaribia kujaa na kuyafungua yanaposhuka. Mzunguko unaokuza hufanya kinyume chake. Msukumo unarudi ukiwa upande uleule ulioanzia, na safari ya pili unaongezeka juu ya ile ya kwanza.

Fanya njia zote mbili kila mara. Kuhesabu ni kwepesi na ni rahisi kukosea, kwa sababu alama moja iliyowekwa kwa haraka inageuza aina ya mzunguko wote. Kusimulia ni kwa polepole lakini kunakulazimisha uamini kila mshale kabla ya kuuvuka. Majibu yakitofautiana, ama kuna alama mbaya, ama kuna jina lenye utata, na karibu kila mara kosa linapatikana kwenye mshale uleule uliokuwa unasitasita nao.

Mzunguko wa pili ndio unaojulikana zaidi Dodoma. Pengo likikua, visima vinachimbwa. Kwa miongo mingi maji ya mji yametoka chini ya ardhi, hasa katika visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, jina ambalo Watanzania wengi walilisikia kwanza kwa sababu ya kambi ya JKT. Katika miaka ya karibuni vimechimbwa vingine, vikiwemo vya Nzuguni.

Pengo →(+) visima vipya →(+) uzalishaji →(−) pengo.

Kutoa ni moja, kwa hiyo mzunguko unasawazisha. Lakini mshale kutoka visima vipya kwenda uzalishaji unawekewa vistari viwili vifupi vinavyoukata katikati, na vistari hivyo ni ishara ya uchelewaji. Mhandisi hachimbi kwa kuamka asubuhi. Kuna upimaji wa miamba, kutafuta fedha, kuchimba, kusukuma maji kwa majaribio ili kujua kisima kinatoa kiasi gani bila kukauka, kisha pampu, umeme, bomba la kusafirishia na tangi la kuhifadhia.

Uchelewaji una nguvu kubwa kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Chukua mji wa kufikirika wenye mahitaji ya lita milioni 50 kwa siku na uzalishaji wa lita milioni 40. Pengo ni milioni 10. Mamlaka inaamua kwa ukarimu kuongeza milioni 15, ili ibaki na akiba. Mradi unachukua miaka mitatu, na mji unakua kwa asilimia 6 kwa mwaka. Siku ya uzinduzi uzalishaji umefika milioni 55, lakini mahitaji yamefika karibu milioni 60. Pengo limepungua kwa nusu tu, wala halijafutika. Ipite miaka mitatu mingine bila mradi mpya na mahitaji yatakaribia milioni 71. Pengo sasa ni milioni 16, kubwa kuliko lile lililoanzisha kazi yote. Hakuna aliyezembea hapo. Mradi ulipimwa kwa pengo la siku ya uamuzi, ukafunguliwa katika mji mwingine kabisa.

Tufike sasa kwenye hadithi yenye ubishi. Husimuliwa hivi: mji ukipata maji, watu wanavutiwa, wanajenga, wanahamia, mahitaji yanapanda, maji yanapungua tena, vinachimbwa visima vingine, na mchezo unaanza upya. Karibu kila anayeisikia husema huo ni mzunguko unaokuza, kwa sababu neno "tena" linasikika kama kitu kinachojizalisha. Tuichore kabla ya kukubali.

Mchoraji wa kwanza anasema kinachowavutia watu ni uhakika wa maji, na uhakika unategemea pengo. Pengo likiwa dogo, maji yanatoka kila siku, na anayefikiria kujenga anatia moyo. Anachora hivi:

Pengo →(−) uhakika wa maji →(+) ujenzi wa nyumba →(+) idadi ya watu →(+) mahitaji →(+) pengo.

Hesabu alama za kutoa. Ipo moja. Mzunguko huu unasawazisha! Sasa usimulie uone kama unaamini: pengo likikua, uhakika unashuka, ujenzi unapungua, watu wanakuwa wachache kuliko ambavyo wangekuwa, mahitaji yanatulia, pengo linapungua. Ukosefu wa maji wenyewe ndio unaouwekea mji breki. Ukiuunganisha na mzunguko wa visima, unapata mizunguko miwili inayosawazisha, inayokutana kwenye pengo. Mmoja unaziba pengo kwa kuongeza maji, mwingine unaziba pengo kwa kupunguza wanaokuja. Mfumo wa namna hiyo unaweza kuyumba huku na huku kwa sababu ya uchelewaji, lakini haujisukumi wenyewe kwenda juu bila kikomo.

Mchoraji wa pili anasema hapana, watu hawaangalii pengo. Wanaangalia bomba. Visima vikichimbwa, pamoja navyo linalazwa bomba jipya kuelekea mitaa ambayo haikuwa na maji. Bomba likifika, viwanja vya mtaa huo vinapanda thamani, misingi inachimbwa, nyumba zinaezekwa. Na bomba likishalazwa haling'olewi hata pengo likirudi. Kwa hiyo anachora hivi:

Uzalishaji →(+) mtandao wa mabomba →(+) ujenzi wa nyumba →(+) idadi ya watu →(+) mahitaji →(+) pengo →(+) visima vipya →(+) uzalishaji.

Hakuna alama ya kutoa hata moja. Huu unakuza. Maji mengi yanaleta mabomba, mabomba yanaleta watu, watu wanaleta pengo, pengo linaleta visima, visima vinaleta maji mengi zaidi, na safari nyingine inaanzia mahali pa juu kuliko ile iliyotangulia.

Wote wawili wamesimulia hadithi ileile. Wanachotofautiana ni mahali ambapo mshale unaokwenda kwa wajenzi unaanzia: kwenye pengo au kwenye uzalishaji na bomba lake. Hilo si swali la penseli, ni swali la mtaani, na lina majibu yanayoweza kuonekana. Je, mgawo ulipokuwa mkali, watu waliacha kujenga? Kama waliacha, mchoraji wa kwanza ana haki. Kama waliendelea kujenga huku wakinunua matangi makubwa na kuchimba visima vyao vya nyumbani, basi pengo halikuwafikia kama breki, na mchoraji wa pili ana haki. Mimi, kwa kutazama mitaa iliyopanda pembezoni mwa Dodoma wakati ratiba za mgawo zikiendelea, naegemea kwa wa pili, ingawa naamini mshale wa wa kwanza nao upo ukiwa dhaifu. Mchoro mzuri unaweza kuwa na yote miwili.

Giuliano Di Baldassarre na wenzake walitoa hoja kama ya mchoraji wa pili mwaka 2018, katika jarida la *Nature Sustainability*, walipoandika kuhusu mabwawa katika sehemu mbalimbali za dunia. Bwawa linalojengwa kupunguza uhaba huweza kukuza matumizi hadi uhaba unarudi, na kwa sababu wakati huo watu wengi zaidi wanalitegemea, ukame unaofuata unawaumiza zaidi. Sehemu hii ya mwisho inagusa Dodoma moja kwa moja, kwa kuwa mpango wa bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, umekuwa ukitajwa kwa miaka mingi kama tegemeo la mji. Sisemi bwawa lisijengwe. Watu zaidi ya laki saba hawawezi kuambiwa wasubiri mchoro. Ninachosema ni kwamba anayelipima bwawa kwa kutumia mzunguko unaosawazisha peke yake ataamini kwamba akiba yake itadumu muda mrefu kuliko itakavyodumu.

Kuna jambo jingine ambalo mchoro unalifichua, nalo ni kwamba si kila kinachokua kinakua kwa sababu ya mzunguko. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Utekelezaji ulisuasua hadi 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahama, na mwaka 2018 sheria ikaitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Watumishi wakaja, familia zikafuata, vyuo, benki na nyumba za wageni vikaongezeka. Uamuzi huo unachorwa kama mshale unaoingia kwenye idadi ya watu kutoka nje ya karatasi. Una mkia, lakini hakuna mshale unaourudia. Pengo la maji halikuuanzisha uamuzi huo, wala pengo la maji haliwezi kuurudisha nyuma. Mchoraji asiyeutenga atachukua ongezeko lote la watu kati ya sensa mbili na kulibebesha bomba, kana kwamba nusu ya mji ilihamia kwa kufuata maji. Hapo mzunguko wa mchoraji wa pili utaonekana na nguvu usizokuwa nazo.

Las Vegas, mji wa jangwani huko Marekani, unatoa funzo la upande wa pili, la mshale uliosahaulika. Krista Stave alichora na kujenga modeli ya maji ya mji huo na kuitumia na wananchi, kazi aliyoichapisha mwaka 2003. Wengi walidhani bomba la bafuni linalotoa maji kidogo lingeokoa mengi. Lakini maji yanayotumika ndani ya nyumba za Las Vegas husafishwa na kurudishwa katika Ziwa Mead yalikotoka, na mji unahesabiwa haki ya kuyachota tena. Lita iliyookolewa bafuni ni lita ambayo ingerudi kwa vyovyote. Maji yanayopotea moja kwa moja ni yale yanayomwagiliwa kwenye nyasi. Mshale mmoja wa kurudi ziwani unageuza orodha nzima ya hatua za kuchukua, na anayeuacha anaweza kuchora mizunguko yake yote kwa alama sahihi na bado akatoa ushauri usiofaa.

Mzunguko unaokuza unaweza pia kuvuta kwenda chini, na mfano wake umo ndani ya mamlaka za maji zenyewe. Bomba chakavu linavuja. Maji yaliyovuja yamekwisha kugharimu umeme wa pampu na dawa, lakini hayapiti kwenye mita ya mtu, kwa hiyo hayaleti fedha. Mapato yakipungua, matengenezo yanaahirishwa, na bomba linazidi kuvuja.

Uvujaji →(−) maji yanayouzwa →(+) mapato →(+) matengenezo →(−) uvujaji.

Alama za kutoa ni mbili. Zinagawanyika kwa mbili, kwa hiyo mzunguko unakuza, ijapokuwa kila kitu ndani yake kinaonekana kuporomoka. Kinachokuzwa ni lile badiliko la mwanzo, kwa upande wowote liliokuwa limeelekea. Ndiyo maana mzunguko huohuo unaweza kugeuzwa: fedha kidogo kutoka nje ya mzunguko zikitumika kuziba mivujo mikubwa, mapato yanapanda, matengenezo yanaongezeka, uvujaji unashuka tena bila msaada wa pili.

Kipimo cha kujua mzunguko huu umeelekea wapi ni cha kawaida kwa mafundi wa maji. Wanatenga eneo moja la mtandao, wanafunga mita kwenye bomba linaloliingilia, na kusoma mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati karibu kila mtu amelala. Maji yanayopita saa hiyo, ukitoa ya hospitali au kiwanda kama vipo, kwa sehemu kubwa ni maji yanayovuja. Lakini mgawo unakivuruga kipimo hiki. Eneo linalopewa maji usiku linajaza simtank zake usiku, na mita inasoma mtiririko mkubwa ambao si uvujaji hata kidogo. Fundi mzoefu husubiri hadi matangi yajae ndipo asome, na kwa mji ambao mgawo wake ni wa saa chache, wakati huo huenda usifike.

Limebaki lililo chini ya ardhi, na hapo kuna mzunguko ambao hakuna mamlaka iliyouchagua. Ukisukuma maji mengi, kiwango cha maji ardhini kinashuka, kikishuka, visima vinatoa kidogo na kwa umeme mwingi zaidi, uzalishaji unashuka. Kutoa ni moja, kwa hiyo unasawazisha. Nautaja kwa sababu watu husikia neno kusawazisha na kutulia, wakidhani mfumo unajitunza. Mzunguko huu unasawazisha kwa kukausha visima.

Makutupora ni mahali pa pekee kwa jambo hili, kwa kuwa viwango vya maji vya visima vyake vimepimwa kwa miaka mingi kuliko karibu mahali pengine popote katika Afrika ya kitropiki. Mwaka 2013 Richard Taylor na wenzake, wakiwemo Lister Kongola, Emmanuel Nahozya na Hosea Sanga, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu ya miaka 55 ya bonde hilo. Walionyesha kwamba maji ya ardhini hayajazwi kidogo kidogo kila msimu. Kwa miaka mfululizo kiwango hushuka tu, halafu inakuja misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998, na bonde linajazwa kwa mkupuo.

Kwenye mchoro, mvua hiyo ni mshale mwingine wa kutoka nje. Athari yake kwa anayesoma mizunguko ni kubwa. Baada ya msimu wa mafuriko, kiwango kiko juu, na mzunguko wa kukauka unalala kwa miaka. Visima vinatoa vizuri, mchoraji haoni sababu ya kuuchora, na mabomba yanaendelea kufika mitaa mipya. Kisha inafuata miaka ya mvua za kawaida za Dodoma, zile za msimu mmoja, na mzunguko uliolala unaamka wakati idadi ya watu wanaovitegemea visima imekwisha kupanda.

Mchoro hautaji ni lini utaamka, na huo ndio mpaka wake. Mishale haina ukubwa. Ukitazama karatasi yenye mizunguko mitano huwezi kujua upi una nguvu leo, wala upi utaushinda mwingine baada ya miaka kumi, na anayesema anajua kwa kuiangalia tu anabahatisha. Kwa hilo zinatakiwa namba na hesabu za mwaka hadi mwaka, kwa programu kama Vensim au hata jedwali la kawaida la kompyuta. Faida ya karatasi ni kukuambia namba zipi uende kuzitafuta kwanza.

Kwa Dodoma, mimi ningeanza na mshale ule wawili waliobishania. Kumbukumbu za maunganisho mapya zipo katika mamlaka yoyote ya maji, na vibali vya ujenzi vipo jijini. Ningechukua mitaa iliyofikiwa na bomba baada ya visima vya karibuni kuanza kazi, niiweke kando ya mitaa inayofanana nayo ambayo bomba halijafika, kisha nihesabu misingi iliyochimbwa katika kila upande kwa miaka mitano. Kama pande zote mbili zimejengwa sawasawa, watu walifuata ofisi, na mshale kutoka bomba kwenda ujenzi ni mwembamba. Kama upande wa bomba umejengwa mara mbili ya ule mwingine, basi kila kisima kinachofunguliwa kihesabiwe pamoja na mahitaji kitakayoyaleta, na ugawaji wa viwanja upangwe meza moja na wachimbaji wa visima.